Ramani ya Abiria Anayecheka

Kampuni ya mabasi iliyoniajiri ilikuwa na ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya Jogoo Road, Nairobi, na mabasi yake yalikwenda magharibi: Kakamega, Bungoma, Busia. Mimi ni mtoto wa Jericho, mtaa ulio jirani na hapo, kwa hiyo kazini nilikwenda kwa miguu. Cheo changu kilikuwa mtafiti wa wateja. Mama yangu alijaribu kukieleza kanisani mara moja, akaulizwa kama kina mshahara, na tangu hapo akawa anasema tu kwamba nafanya kazi ya kompyuta.

Mambo yalianza mkurugenzi wetu aliporudi kutoka semina Naivasha. Alituita sote akatangaza kwamba kampuni yoyote iliyo makini ina ramani ya safari ya mteja, na sisi hatuna. Mkuu wa magari, mtu mtiifu sana, alirudi baada ya chakula cha mchana na ramani ya Kenya iliyokunjwa, akaitandaza mezani na kuanza kuonyesha mizani ya barabarani. Ikabidi nieleze kwamba safari inayosemwa si ya basi. Ni ya mtu anayenunua tiketi, tangu anapowaza kusafiri mpaka anaposhuka. Juu unapanga hatua zake: anatafuta basi, anachagua kiti, analipa, anapokea tiketi, anapanda. Chini ya kila hatua unaandika anafanya nini, anakutana na kampuni wapi, iwe kwenye simu, dirishani au kwa kondakta, anajisikiaje, na nini kinamkera. Hisia zake unazichora kwa mstari unaopanda na kushuka.

"Mstari wetu utapanda," mkurugenzi alisema, na kikao kikafungwa.

Nilitumwa kuhoji abiria. Nilihoji sokoni Jericho, nikahoji mtaa jirani wa Mbotela kwenye vibanda, nikahoji watu wakitoka kanisani Jumapili. Kampuni ilinipa kreti za soda ili kila anayehojiwa apate yake. Niliuliza huduma yetu ya tiketi kwenye simu wanaionaje. Nzuri. Kulipa je? Nzuri tu. Kuna kinachokukera? Hapana, tunashukuru Mungu. Mzee mmoja aliongeza kwamba hata dereva wetu ni mtu wa heshima, ingawa baadaye niligundua alikuwa akisafiri na kampuni nyingine.

Ramani ya kwanza ikatoka hivyo. Mstari wa hisia ulikwenda juu kabisa, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na safu ya kero ilikuwa tupu. Mkurugenzi alifurahi akaamuru ichapishwe kwenye bango kubwa na kutundikwa kwenye ngazi. Pembeni waliweka picha ya abiria wetu wa mfano, mwanamke wa kizungu aliyeazimwa mtandaoni, anaicheka simu yake mpaka magego yanaonekana. Huku kwetu Eastlands, mashariki mwa jiji, sijawahi kumwona mtu akiicheka simu namna ile, labda awe ametumiwa pesa kwa makosa.

Lakini chumba changu kilipakana na chumba cha huduma kwa wateja, na simu za humo hazikunyamaza. Kwa ukuta ule mwembamba nilisikia binti wa huduma akisema pole tangu asubuhi mpaka jioni. Nikajiuliza watu hawa wanaopewa pole ni wateja wa nani. Nilimwomba mkurugenzi ruhusa nimtazame mtu mmoja akinunua tiketi kweli, bila kumuuliza maswali ya adabu. Alikubali, mradi nisichelewe, na mradi nikathibitishe yale yaliyo kwenye bango.

Nilimchagua mama mmoja wa Mbotela, rafiki wa mama yangu wa kikundi cha kanisani, aliyestaafu kutoka kiwanda cha nguo huko Industrial Area. Nilikwisha kumhoji, na alikuwa mmoja wa wale walioshukuru Mungu. Wiki ile alikuwa na safari isiyosubiri. Binti wa marehemu kaka yake alikuwa anaposwa Kakamega, wageni wangefika Jumamosi, na yeye ndiye shangazi. Bila shangazi hakuna wa kupokea neno la wageni, na mambo yangeweza kuvurugika.

Nilimkuta sebuleni, miwani puani, simu imelazwa juu ya kitambaa cha mezani kana kwamba ni mgonjwa. Nikamweleza kwamba nitakaa kimya, sitamsaidia, nitaandika tu ninachokiona. Ndivyo kazi yenyewe inavyotaka, maana ukimsaidia mtu huwezi kujua angekwama wapi. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mtoto wa rafiki yake akiharibikiwa.

Programu yetu ya tiketi ilimtaka kwanza anwani ya barua pepe. Hakuwa nayo, akaandika ya kanisa. Kisha ikamletea picha ya viti, visanduku vya kijani vimejipanga, bila alama ya mbele ya basi ni wapi. Yeye alitaka dirishani, upande usiopigwa na jua, na si juu ya gurudumu kwa sababu ya mgongo wake. Akaigeuza simu ili aone basi linaelekea upande gani. Picha nayo ikageuka. Akaigeuza tena, na picha ikamfuata. Nilibana midomo nikaandika. Mwishowe aliomba kimoyomoyo, akabonyeza kisanduku kimoja.

Ombi la kulipa likaja, likitaka namba ya siri. Akaniambia nigeuze uso ukutani, nikageuza. Nilimsikia akihesabu tarakimu kwa kunong'ona, akikosea, akianza tena. Nilipogeuka, simu ilikuwa inasema muda wa kushikiliwa kiti umekwisha, tafadhali anza upya. Hajamaliza kuusoma ujumbe huo, ukaja mwingine: malipo yake yamepokelewa, asante kwa kutuchagua. Pesa zilikwenda, kiti hakipo.

Mwongozo wangu unasema kwamba hapo ndipo mtafiti anapouliza. Nikauliza, "Mama, unajisikiaje sasa hivi?"

Alivua miwani. Halafu akasema, "Funga hicho kitabu kwanza."

Nikakifunga.

"Najiona kama mtu aliyelipa kiingilio ili afukuzwe mlangoni."

Nikamuuliza mbona siku ile nilipomhoji aliniambia ni nzuri tu. Akanishangaa kweli.

"Mwanangu, ulikuja na soda. Mtu akuletee soda, wewe umwambie basi lake bovu? Na hao wengine wote, ulidhani watakwambia? Kijana amevaa kitambulisho shingoni, anaandika majina. Sisi tunajua watu wanaoandika majina."

Nilijihisi mdogo kama kipande cha sabuni. Tukavaa viatu, tukatoka kwenda ofisi yetu ya tiketi, ile ya dirisha lenye wavu, hatua chache kutoka barabarani. Kulikuwa na foleni, maana shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Tulipofika mbele, kijana wa dirishani aliusoma ujumbe wa malipo, akaurudisha kwa upole.

"Mathe, hiyo ni ya app. Sisi hapa ni ofisi. Piga huduma kwa wateja."

Akapiga palepale, huku amesimama dirishani, sauti ya simu ikinifikia hata mimi. Nilimtambua yule binti wa huduma, jirani yangu wa ukutani, kwa ile pole yake. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, akampa pole mbili, kisha akamwelekeza: aende kwenye ofisi ya tiketi iliyo karibu naye, wataona malipo yake na kumpa kiti. Mama akamtazama kijana aliye nyuma ya wavu. Kijana naye akamtazama mama. Simu bado ilikuwa sikioni, na binti akauliza kama kuna jambo lingine angependa kusaidiwa.

Hapo niliivunja sheria ya utafiti. Nilimpigia mkuu wetu wa mitambo ya kompyuta, nikamsomea namba ya malipo, na mama akapatiwa kiti. Kiti kilichobaki basi zima kilikuwa juu ya gurudumu.

Nilichora ramani upya. Safari hii mstari ulianza katikati, ukasuasua kwenye picha ya viti, na kwenye malipo ukatumbukia kama mtu aliyekanyaga mtaro usio na kifuniko. Kikao cha kuijadili kilikuwa kirefu kuliko safari ya Busia. Kwanza, rangi nyekundu niliyotumia kwa kero ilikataliwa, kwa kuwa ndiyo rangi ya kampuni. Pili, neno kero lilibadilishwa kuwa fursa, hivyo tukajikuta tuna fursa nyingi kuliko kampuni yoyote ya mabasi nchini. Tatu, kile kikatuni cha uso unaolia nilichoweka kwenye malipo kilijadiliwa kwa undani. Mkuu wa masoko alipendekeza tuseme abiria anatafakari.

Mkuu wa mitambo alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba muda wa kushikilia kiti ulipangwa wakati wa majaribio, na waliojaribu walikuwa vijana wa ofisini, simu mkononi, namba za siri kichwani. Kuurefusha hadi uthibitisho wa malipo ufike si kazi kubwa. Hakuna aliyewahi kumwagiza.

Mkurugenzi alisema hilo ni tatizo la abiria wasiozoea teknolojia. Nikamwomba, kwa heshima zote, anunue tiketi moja ya kwenda kwao, pale pale mezani.

Alitabasamu, akatoa simu. Kisha akatafuta miwani mifukoni. Aliichunguza picha ya viti, na polepole, mbele yetu sote, akaanza kuigeuza simu. Hakuna aliyecheka, tunapenda kazi zetu. Ombi la namba ya siri lilipokuja alitugeukia, nasi sote tukaangalia dari. Tuliposhusha macho, alikuwa anasoma kwa sauti kwamba asante, malipo yamepokelewa, na kwamba kiti hakipo.

"Ni mtandao," alisema.

Pesa zake zilirudishwa kabla chai ya kikao haijapoa. Binti wa huduma alikuja mwenyewe kumpa pole, na mkuu wa masoko akapendekeza tukio hilo liingizwe kwenye ramani kama mfano wa huduma ya haraka. Uso unaocheka ukarudi. Lakini jioni ile ile muda wa kushikilia kiti ulirefushwa, na ukuta wangu ukaanza kupata vipindi vya kimya. Picha ya viti haikuguswa. Nasikia inasubiri bajeti.

Mama wa Mbotela alifika Kakamega mgongo ukiuma, lakini alifika wageni wakiwa bado wanauliza njia ya boma. Neno alilipokea, na mambo yakaenda vizuri. Aliporudi aliniletea ndizi, na nilipomwambia kwamba sasa kiti hakiponyoki tena wakati wa kulipa, alinipongeza kwa dhati. Kisha akanipa simu yake nimkatie tiketi ya kwenda kwenye harusi.

Akawaambia wenzake. Siku hizi ibada ikiisha huwa nakuta akina mama wamenisubiri uani, miwani wameivua, simu wamezinyoosha, wananitajia upande usio na jua. Mkurugenzi anaona takwimu za mtaa wetu zikipanda, anasema programu imependwa.