Baba Alipohamia Muyinga

Katika duka letu la ushonaji, mtaa wa Waswahili hapa Gitega, tulishona wengi lakini mkataji alikuwa mmoja tu: baba. Ndivyo ilivyo kwa mafundi wa kwetu. Anayeshika mkasi ndiye mwenye duka, wengine wote ni miguu ya cherehani. Mkasi wake ulining'inia msumarini nyuma ya kiti chake, na miaka yote niliutazama kama mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani.

Macho yake yalipoanza kumsumbua, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki, alituita sisi watoto wake watatu: kaka yangu anayeuza vitambaa Muyinga, dada yangu mwalimu, na mimi, binti niliyebaki naye dukani.

"Nikifa, urithi uko na sheria yake, imamu atawagawia," alisema. "Lakini leo mi niko muzima. Nataka kuwapa sawasawa, na duka isivunjike."

Fundi wa mtaa wa pili, asiye ndugu yetu, alithaminisha cherehani na vitambaa. Tukapewa sehemu sawa. Baba angepata matumizi yake dukani maisha yake yote, mimi ningelipwa mshahara wa kazi yangu, na faida inayobaki tungegawana watatu, huku nikinunua sehemu za wenzangu taratibu kadiri nitakavyoweza. Dada alinuna. Aliuliza kwa nini mimi nilipwe mara mbili, mshahara na faida.

"We utaamka alfajiri kufungua?" kaka alimuuliza. Dada anapenda usingizi kuliko faida, akacheka mwenyewe. Tuliandikiana mbele ya imamu na majirani wawili.

Kazi nayo ningekabidhiwa kwa hatua: kwanza vipimo, kisha ununuzi wa vitambaa, na mkasi mwisho, msimu wa sare za shule ukishakwisha. Vipimo na vitambaa vilinikubali. Mkasi ndio uliotushinda. Baba aliuweka mkononi mwangu mbele ya wafanyakazi wote, akaniombea dua, halafu akarudi kukaa kwenye kiti kilekile.

Siku moja mama mmoja wa Bugendana aliingia na kitambaa chake, akanipita kana kwamba mimi ni mlango. "Mzee, mi nataka we ndo unikatie."

"Fundi ni huyu," baba alijibu, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kukinyoosha kile kitambaa. Kila nilipokata, alijikohoza. Nikifika kwenye kwapa, alisema, "Ongeza kidogo hapo." Nina hasira za karibu, sijifichi. Mteja alipotoka, nilimgeukia.

"Papa, duka iko yangu ao iko yako?"

Jioni, tulipokuwa tunafunga, alisema anakwenda kukaa kwa kaka, Muyinga. Nililia, nikamwomba msamaha, nikamwambia akae, nilikuwa nimesema kwa hasira tu.

"We ulisema kweli," alijibu. "Wakiniona mi, hawatakuona we."

Alianza kwa wiki, akarudi, akaenda tena kwa mwezi. Kila alipoondoka, wateja walizidi kunizoea. Wa Giheta waliacha kuuliza mzee yuko wapi, na siku walipoacha nilijisikia vibaya kuliko walipokuwa wakiuliza. Duka nilitaka, nimelipata, na ndani yake palikuwa kimya mahali pa kikohozi chake. Nikifika kwenye kwapa mkono wangu ulisimama wenyewe, ukingoja. Nilimtamani baba yangu katikati ya mchana, sindano zikiwa mdomoni. Alipopiga simu hakuuliza habari za duka hata mara moja. Alinisimulia wateja wa kaka wanaotoka Butihinda, waliokulia Tanzania, na Kiswahili chao kilichonyooka. "Wananisahihisha, binti yangu, na uzee wangu huu!"

Kabla ya Idi duka lilijaa. Niliinua kichwa kumwita mteja anayefuata, nikamwona baba kwenye benchi la wateja, katikati ya watu, kitambaa cheupe mapajani. Alikuwa ametoka Muyinga bila kuniambia. Nilikimbia kumvutia kile kiti chake, akakataa kwa kichwa.

"Niko nangoja zamu yangu."

Zamu yake ilipofika alisimama mbele yangu, akanyoosha mikono pembeni. Maisha yake yote hakuvaa kanzu iliyokatwa na mtu mwingine. Nilimpitishia utepe mabegani, kisha kifuani. Alikuwa amepungua. Kipimo chake nilikijua kwa kichwa tangu utotoni, na hakikuwa hiki tena.

Nilitandaza kitambaa mezani, nikakata. Nilipofika kwenye kwapa niligeuka kumtazama, nikitamani akohoe.

"Mi sijui mambo hayo," alisema. "We ndo fundi."

Niliongeza kidogo hapo.