Ndoo Mbili za Mama wa Nangara

Hoteli yetu pale Babati ilikuwa na mlango wa nyuma wa jikoni, na kila asubuhi, kabla chai ya wageni haijaisha, mama mmoja kutoka Nangara alisimama pale na ndoo mbili tupu. Aliacha hizo, akabeba mbili tulizomjazia jana yake: maganda ya viazi na ndizi, ugali, wali ulioungua. Akifika kwake aliyachemsha yote kwenye pipa, akawapa nguruwe wake. Kwa shukrani aliniletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, huko juu Mbulu, kwa hiyo huyu alikuwa ananikagua yeye. Umekula? Mbona umekonda? Niliringa nikijibu, lakini siku asipotokea sikutulia.

Kisha ukaja mpango wa kutunza mazingira. Meneja alituita tukiwa na aproni zetu, akasema chupa ndogo za maji mezani basi, tutachemsha na kuchuja, tuweke kwenye jagi za kioo. Vyakula vifunikwe kwa vifuniko, siyo nailoni. Na makombo hayatoki tena getini. Yatatengenezwa mboji ya bustani yetu ya mboga. Akauliza nani ametoka kwenye familia ya wakulima. Mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono. Nikakabidhiwa mboji, na pamoja nayo kazi ya kumwambia yule mama.

Sikumwambia. Nilijipa siku moja, nikaongeza ya pili. Siku mpango ulipoanza nilimsikia mlinzi akimwambia getini, "Mama, makombo hayatolewi tena." Nilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, nimejificha mtu mzima mimi. Nilimsikia akiuliza, "Na binti yangu yupo?" Mlinzi akasema hajui. Akaondoka na ndoo alizokuja nazo, na zile mbili za jana zikabaki kwetu, zimejaa.

Nilizimwaga kwenye shimo la mboji. Kila siku nikamwaga tena, ugali, mchuzi, mifupa, vyote, nikidhani shimo ni shimo. Wenzangu kwa mazoea walifunga maganda kwenye mifuko ya plastiki, nami nikawa nachambua kwa mikono huku nikiwasema. Wiki ya pili harufu ilifika kwenye veranda. Panya wakaja. Mgeni mmoja alihamisha meza, na meneja akanipa hadi Jumatatu, la sivyo shimo lifukiwe na mpango uishie hapo.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Nangara. Nilimkuta anapepeta mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe upo."

Nilitaka kuomba msamaha, nikaanza kueleza habari za panya. Aibu hiyo hadi leo ninayo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza nimeweka nini kikavu. Sikuweka kitu. Akacheka kidogo. "Umepika uji, halafu unashangaa haukauki." Akanifundisha: tabaka la mabua na majani makavu, tabaka la maganda, samadi kidogo, udongo juu, halafu tena. Kugeuza kila wiki ili hewa ipite. Vilivyopikwa na mifupa visiingie kabisa.

"Basi hivyo vilivyopikwa nitamwomba meneja uchukue wewe," nikasema kwa furaha, kama nimemletea zawadi. "Kwa ajili ya nguruwe."

Aliendelea kupepeta. "Nguruwe nimeuza, mwanangu. Ningewalisha nini?"

Banda lilikuwa nyuma yake, limefagiliwa safi. Sikuwa nimeligeukia.

Mboji ilipona. Kabla ya Jumatatu niliondoa uchafu ule, nikapanga matabaka kama alivyosema, na baada ya miezi mitatu hivi ilikuwa nyeusi, inapukutika mkononi, inanukia udongo baada ya mvua. Meneja alinisifu mbele ya wote. Nilijaza mboji kwenye gunia, nikampelekea Nangara, nikakuta mlango una kufuli. Jirani akasema amehamia kwa binti yake, mbali huko. Hakuaga. Na mimi je, nilimuaga lini?

Miaka imepita. Hadi leo, chai ya wageni ikikaribia kuisha, macho yangu yanakwenda mlango wa nyuma yenyewe. Nimemkumbuka, sina namna nyingine ya kusema. Nimekumbuka hata kuulizwa mbona nimekonda.

Juzi walikuja watu wa mazingira kuhesabu plastiki iliyobaki jikoni, ili ipunguzwe. Kijana mwenye karatasi akakuta ndoo mbili zimekaa rafuni, safi, hazina kazi. Akauliza zitupwe?

Nikamwambia aziache, mwenyewe atazifuata.