Kiitikio cha Salon

Mume wangu hakukataa niimbe. Alikataa niende kwa mama, Bukavu, mji wa ng'ambo ya mpaka ninaouona kila asubuhi nikianika nguo hapa Kamembe. "Subiri," anasema. Nimesubiri mpaka neno lenyewe limenichosha. Basi nikamtungia mama wimbo, na kwa kuwa masikio yake yamekufa kabisa siku hizi, nikataka klipu, yaani video ya wimbo. Hatasikia, lakini ataona. Mdogo wangu anakaa naye, angemshikia simu.

Kijana wa kutengeneza klipu alikuja nyumbani na kompyuta yake, tukaketi kupanga. Ubeti wa kwanza, mashamba ya mpunga ya Bugarama. Ubeti wa pili, mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Nkombo. Humo picha zingekaa muda mrefu, kwa sababu katika beti naimba polepole, nasimulia. Kwenye kiitikio ngoma inapanda, picha zingekatwa harakaharaka, na mahali pawe palepale kila mara, ili mtu akipaona ajue kiitikio kimerudi.

"Mahali gani?" kijana akauliza.

Mume wangu akadakia kabla sijafungua mdomo. "Mu salon yangu. Batu baone vile ninamuchunga."

Sebule yake! Sikupenda. Nilitaka soko, watu, kelele. Lakini maneno ya kiitikio niliyatunga mwenyewe: niko salama mama, nyumbani kwangu. Ningebisha vipi? Nilijifunga kwa mdomo wangu. Tukapiga picha salon, mimi katikati ya makochi yenye vitambaa vyeupe, mapazia yamefungwa ili jua lisiharibu mwanga. Jasho lilinitoka jamani, na natakiwa kutabasamu!

Klipu ya kwanza ilipoletwa, niliifungua nikazima sauti. Nilitaka kuiona kama mama atakavyoiona. Mama alifundisha kwaya maisha yake yote, mikono yake haitulii penye mdundo. Nikajaribu kupiga makofi nikifuata picha peke yake. Nikashindwa. Picha zilikatika ovyo, kama mtu anayechechemea.

Nikamwita kijana. "Papa, umehesabu ngapi?"

"Ine, Maman. Kila wimbo ni ine."

"Weee! Hii haiko rumba. Hii ni ya kwaya, tunahesabu sita. Sikia." Nikampigia mezani: MOJA mbili tatu, NNE tano sita. Moja na nne ndizo nzito, ndipo ngoma kubwa inapoangukia.

Akacheka, akashika kichwa. Kumbe alama zake zote za kukatia alikuwa amezipanga kwa nne, ndiyo maana zilikuwa zinaikimbia ngoma. Akazifuta, akaanza upya. Kwenye beti, picha inabadilika kwenye ile moja nzito, mara moja tu kila baada ya mizunguko minne ya sita. Kwenye kiitikio, anakata kwenye moja na kwenye nne, bila kukosa. Palipo na ngoma tupu kabla ya kiitikio cha mwisho, tukaacha mtumbwi uende bila kukatwa hata mara moja. Halafu salon, mara mbili mfululizo, kwa sababu kiitikio cha mwisho kinarudiwa.

Nikazima sauti tena. Safari hii makofi yalikwenda yenyewe. Nililia kwa furaha, sikufichi.

Jumapili mume wangu aliita ndugu zake waje kuitazama kwenye televisheni. Walimpongeza yeye. Makochi yalisifiwa kuliko sauti yangu. Nikamtumia mdogo wangu ile klipu, nikakaa nimeshika simu mkononi kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Kwanza ikaja video fupi: mkono wa mama juu ya goti, unapiga. Moja, nne. Moja, nne. Hakosei! Nikawaonyesha wote, wakashangilia. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa mama, nami nikaufungua palepale, mbele ya watu. Mama hajisikii anapoongea, kwa hiyo huongea kwa kupayuka. Salon nzima ilisikia:

"Mwanangu, nimeona. Unafika ku mashamba, banakurudisha mu nyumba. Unafika ku maji, banakurudisha mu nyumba. Na ku mwisho unabakia mule, na mapazia imefungwa. Ni nani alikufungia?"

Shemeji mmoja akaangalia chini. Mume wangu akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Zima iyo simu."

Nilitaka kumjibu mama, lakini kwa maneno gani? Hasikii, na kusoma herufi ndogo za simu macho yake hayawezi tena. Nikainua simu, nikamlenga mume wangu pale kwenye kochi lake, mkono bado umenyooshwa, nikampiga picha. Nikaituma.