Na jiwe nalo linakwenda

Bi Kapi ametunza maabara ya shule miaka ishirini, na hasira zake zinajulikana mpaka getini. Siku hiyo mwalimu mgeni alimpa binti mmoja sifuri. Kibao cha kilo mbili kilikuwa mezani, kimefungwa kamba iliyopita kwenye kapi hadi jiwe la kilo moja linaloning'inia. Binti alipata mchapuko wa mbili, mwalimu tatu.

“Jiwe linavuta kumi, msuguano wa meza unakula nne. Sita gawa kwa kilo mbili,” mwalimu akaeleza.

“Kwani jiwe limebaki kwao? Nalo si linakwenda, baba? Gawa kwa tatu.”

Bi Kapi akakiachia kibao. Sekunde moja, mita moja tu. Kwa hesabu ya mwalimu ingekuwa moja na nusu.

Mwalimu akafuta sifuri. “Samahani, mama.”

“Mimi umenikosea nini? Binti yule pale.”