Asilimia Tisa za Gidion

Mume wangu Gidion hajui kukaa. Ukimpa kiti anakipindua kwanza aone kama mguu umelegea. Kanisani anasimama kabla wimbo haujaanza. Miaka thelathini ametengeneza magari Ngarenaro, kwenye kiwanja chake mwenyewe chenye banda la mabati, na nusu ya miaka hiyo ameimalizia chali, chini ya magari ya watu. Kwa hiyo daktari alipomwambia pingili mbili za mgongo zimesagika, asilale tena chini ya gari, mimi ndiye niliyeogopa zaidi. Nilijua huyu akishinda nyumbani atatubomolea ukuta autengeneze upya.

Wiki mbili hazikupita, akaja na mpango. Atamwuzia kiwanja jirani yake Abdulrahman, muuza matairi, kwa milioni mia na ishirini. Kwa hela hiyo hiyo atanunua apatimenti ya vyumba viwili Njiro, apangishe, tule kodi. Sisi tunahitaji laki saba kwa mwezi: chakula, dawa zake, na ada ya binti yetu Agnela aliyebakiza mwaka mmoja chuoni. Apatimenti inapangishwa laki tisa.

"Milioni kumi na laki nane kwa mwaka, Mama Agnela! Asilimia tisa! Na mpangaji analipa mwaka mzima kwa mkupuo. Sisi kazi yetu kula tu."

"Nani kakwambia?"

"Rodrick."

Rodrick ni dalali. Sasa jamani, sikieni maudhi haya. Mimi Elinaza nina mwaka wa kumi na moja nasimamia nyumba za kupangisha za watu hapa Arusha. Natafuta wapangaji, nadai kodi, naita mafundi bomba, natukanwa na pande zote mbili. Na mume wangu wa ndoa kamwuliza Rodrick. Kamwuliza kinyozi. Kamwuliza mchungaji! Mimi kaniambia Jumatano, na kusaini ni Ijumaa. Nilikasirika mpaka nikaunguza maharage.

Alhamisi asubuhi nikamwambia twende tukaione. Njia nzima anagongagonga usukani na kunielezea rangi ya mapazia. Jengo ni zuri, sitasema uongo. Ghorofa nne, lifti, walinzi wawili getini, jenereta, na ukitazama dirishani Meru hiyo hapo. Rodrick alikuwa ameshafika, viatu vinang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sevisi chaji shilingi ngapi?"

Akacheka. "Mama naye! Ni ndogo tu, ya walinzi na usafi."

Mimi nilikuwa nimeshasoma tangazo ukutani, pale kwenye lifti. Kila nyumba laki moja na nusu kwa mwezi: walinzi, lifti, mafuta ya jenereta, pampu ya maji, takataka. Chini yake wameorodheshwa wanaodaiwa, nyumba saba. Nikamwuliza mlinzi, hao saba ni wabishi au vipi? Akasema, "Nne hazina watu tangu Desemba, mama. Lakini ada inahesabiwa tu." Huu ni mwezi wa tatu.

Nikamshika Gidion mkono, nikamtoa nje mpaka kwenye gari letu. Nikachukua kitabu chake cha risiti za gereji, nikageuza karatasi.

"Kodi ya mwaka, milioni kumi na laki nane. Haya, toa miezi miwili nyumba ikiwa tupu."

"Mbona analipa mwaka mzima?"

"Analipa mwaka, halafu anaondoka! Hapa wanapanga watu wa miradi. Mikataba yao inaisha Desemba. Desemba mji mzima umekwenda Moshi kula Krismasi, nani anahamia nyumba? Mpaka Januari iishe, upake rangi, upate mwingine, miezi miwili imekwenda. Si kila mwaka, lakini ndiyo wastani wangu mimi, wa miaka kumi na moja. Zimebaki milioni tisa."

Akaanza kutikisa goti. Nikaendelea. Sevisi chaji, milioni moja na laki nane kwa mwaka, iwe na mtu isiwe na mtu. Matengenezo, laki tisa: bomba, hita ya maji, rangi, kitasa, mwaka mmoja pungufu, mwaka mwingine mara mbili yake. Usimamizi, asilimia kumi ya kodi iliyokusanywa, laki tisa nyingine.

Hapo akaninyang'anya kalamu.

"Hii ya usimamizi futa. Msimamizi si wewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Basi ni bure."

Bure! Mimi niliyekwenda kule Maji ya Chai na mvua kumfungulia mpangaji aliyepoteza funguo, mimi ninayepanda ghorofa na magoti haya, bure?

"Gidion, wewe ulikuwa unatengeneza magari ya ndugu zako bure?"

"Ndugu ni ndugu."

"Na pingili zilizosagika ni za nani? Zao au zako? Kwa sababu hawakukulipa, ulikuwa hulali chini ya magari yao?"

Nikadhani nimevuka mpaka. Alitazama mbele, kidole kinakwangua gundi ya stika kwenye kioo.

"Na siku nikiugua," nikasema, sauti imeshuka, "utamwita msimamizi mwingine, na yeye atataka asilimia kumi. Kazi ni kazi hata ikifanywa na mkeo."

Akanirudishia kalamu. Zikabaki milioni tano na laki nne. Gawanya kwa milioni mia na ishirini: asilimia nne na nusu. Na kodi ya serikali sijaigusa, wala wakili, wala kuhamisha hati.

"Kwa mwezi?" akauliza.

"Laki nne na nusu. Hata ukinifanyisha bure, ni laki tano na elfu ishirini na tano. Saba haifiki."

Akashuka garini. Akazunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akazunguka tena. Rodrick akawa anakuja na faili lake. Gidion akamwinulia mkono abaki huko huko. Halafu akaegemea boneti, nikaona mabega yanacheza. Mume wangu analia mchana kweupe, Njiro, mbele ya walinzi. Nikashuka nikasimama naye. Nami nililia, ya nini nifiche.

"Miaka thelathini, Mama Agnela," akasema. "Nikiiweka yote hapa, inanipa laki nne na nusu."

Akampigia Abdulrahman, akamwambia hauzi. Kisha akampigia Derick, fundi aliyejifunza kazi kwake, akamwambia aje tuzungumze: akodi banda lote na vifaa, yeye Gidion abaki wa kupokea wateja na kusikiliza injini akiwa amesimama. Derick alipotaja laki sita kwa mwezi, mume wangu akafunika simu kwa kiganja.

"Nitoe miezi mingapi ya tupu?"

"Mmoja. Na mabati yanavuja, toa na hayo. Hazitafika saba, Gidion, ila kiwanja kinabaki chetu, na ukipokea wateja Derick akulipe mshahara."

Akakubaliana naye waonane jioni. Tukaingia garini. Hakuwasha. Akakaa tu, mikono mapajani. Gidion, amekaa!

"Hao wenye nyumba unazosimamia," akasema, "wanakulipa shilingi ngapi kwa mwezi?"

Miaka ishirini na sita ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza ananiuliza. Nikamtajia. Akaniomba nirudie.