Kamba Iliyorudi Kutoka Madhabahuni

Nilipokuwa mtoto wa kutumwatumwa, kule nje kidogo ya Kutus, nilijua jambo moja bila kufundishwa: ng'ombe akiuzwa, kamba haiendi naye. Mnunuzi huja na yake. Ukimwachia ya kwenu, shosho alisema, umempa na bahati ya boma, na zizi litakaa tupu. Shosho, mama yake baba, alikuwa wa kanisa la zamani lenye kengele na nyimbo za taratibu, na hakuona ubaya wowote kumwamini Mungu na kamba kwa pamoja.

Mama alikuwa amehamia kanisa jipya la mabati na spika kubwa, ambalo kila nikienda lilikuwa limeongezewa viti. Pasta alifundisha kwamba baraka ya Ibrahimu ni yetu, afya na mali. Kwamba umaskini ni laana, na laana huvunjwa kwa mbegu. Mbegu ni sadaka inayouma. Unaipanda madhabahuni, unakiri kwa kinywa unachotaka kana kwamba umeshakipata, kisha unangoja mavuno ya mara thelathini, sitini na mia. Mama alitaka duka. Alikuwa akiuza sukuma wiki kando ya barabara, juu ya gunia, na mvua ikinyesha anakusanya na kukimbia. Nilimsikia akilikiri duka lake akikama, akipika, akinisuka nywele.

Jumapili moja akaamua kumpeleka ng'ombe wetu wa pekee madhabahuni, awe mbegu yake. Baba, aliyefanya kazi ranchini Nanyuki, alikubali kwa simu, shingo upande. Shosho hakupinga. Alisema tu, "Ng'ombe ni yenu, peaneni. Lakini kamba ni ya hii boma."

Mama alimjibu kwa heshima kwamba Anania na Safira, katika Biblia, walikufa kwa kubakisha sehemu ya sadaka yao. Akaondoka na ng'ombe, kamba shingoni.

Shosho alijifunga leso, akanishika mkono, tukawafuata. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo mbele ya jukwaa, amestaajabu kuliko sisi. Kanisa zima likiimba, shosho alipita katikati, akafungua fundo polepole, akaiviringa kamba mkononi, na kuwaachia vijana wa kanisa wamshike ng'ombe pembe. Masikio yangu yaliwaka kwa aibu, na mama aliinamisha kichwa.

Miezi ikapita bila duka na bila maziwa. Tulikunywa chai ya rangi. Mama alipomwendea pasta, aliambiwa mbegu haikuota kwa kuwa haikuachiliwa yote: kamba ilirudi nyumbani. Shosho naye alisema zizi ni tupu kwa kuwa kamba ilitoka. Lawama zote mbili zilikuwa juu ya kamba ileile. Wakaacha kusemeshana, wakaishi boma moja wakizungumza kupitia kwangu: mwambie shosho chakula kiko tayari, mwambie mama yako nimeshiba. Hilo liliniuma kuliko kukosa maziwa. Niliwapenda wote wawili.

Siku hizi nasomea theolojia Nyeri, na muhula huu niliandika makala ya semina juu ya mafundisho ya mafanikio. Nilieleza kwamba yanageuza neema kuwa mkataba, na mavuno yasipokuja, mafundisho hayaguswi. Lawama humrudia mtoaji na imani yake ndogo. Kwamba Ayubu hana kiti pale. Nikaeleza pia kwa nini yalishika huku kwetu: mkulima wa kahawa amezoea kuzika kitu kizuri ardhini na kungoja. Juu ya mama niliandika neno moja: alidanganywa.

Kabla ya kuiwasilisha nilimsomea, dukani kwake Kutus. Ndiyo, alilipata, miaka kadhaa baadaye, kwa mchango wa zamu wa akina mama wa kikundi cha maombi, wa kanisa lilelile. Alisikiliza huku akipima sukari.

"Hiyo ya kudanganywa, toa," alisema. "Kabla ya hiyo kanisa, hakuna mtu alikuwa ameniambia ati Mungu anaweza taka mimi niwe na duka. Nilikuwa naambiwa tu nivumilie."

Nikamuuliza, na ng'ombe je? Alifunga mfuko kwanza. Akasema ng'ombe bado inamuuma, na pasta alimkosea kwa kulaumu kamba.

Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, kamba ile ilikuwa imening'inia kama siku zote. Nakumbuka ilivyofika pale. Siku ya kufungua duka, baada ya akina mama kuomba na kupaka mlango mafuta, shosho aliingia akiwa ameiviringa mkononi vilevile, akasimama mbele ya mama bila kunipitia mimi.

"Tafuta mahali utaiweka," alimwambia.

Mama alipanda juu ya kreti, akaitundika mwenyewe. Kisha akateremka, akampa shosho kiti, akaniagiza maziwa ya chai.

Neno lile nimelifuta. Mahali pake niliandika: alitamani. Katika semina mhadhiri aliniuliza ni ipi iliyoleta duka, mbegu au kamba. Nilimjibu kuwa sijui, na kwamba mama na shosho hawakuulizana tena.