Majaruba ya Baba

Baba alipougua, dada yangu alikuwa ameshaachika na kurudi nyumbani, Magu. Ndiye aliyemwogesha, akamlisha, na kulima majaruba ya mpunga miaka yote ile. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa kazini Nyegezi, na kaka yetu alikuwa Geita, akija sikukuu tu.

Baada ya arobaini, ukoo ulikaa kikao. Baba mdogo akasema kaka awe msimamizi wa mirathi, na mashamba yawe yake.

"Na dada?" nikauliza.

"Dada yako atalima mpaka afe. Nani amemfukuza? Ila ardhi ya ukoo haiendi kwa mwanamke. Kesho akiolewa tena, itakuwa ya watu wengine."

Dada aliinamisha kichwa, akawa anachomoa nyuzi za khanga yake.

Tukaweka pingamizi mahakama ya mwanzo. Hakimu, mama wa makamo, alitusikiliza bila haraka. Akatueleza kwamba baba aliishi kimila, hivyo mirathi yake ilifuata tangazo la serikali la sheria za mila: binti hutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza, wala kuimiliki kabisa maadamu wanaume wapo katika ukoo.

"Mheshimiwa," nikasema, "Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi ni batili."

"Inasema hivyo, naijua. Lakini lile tangazo halijafutwa, na ndilo linaloongoza mirathi ya kimila. Msiporidhika, kateni rufaa mahakama ya wilaya."

Pingamizi likatupwa. Kaka akathibitishwa.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, nikamwambia dada tukate rufaa, wapo mawakili wanaosaidia wanawake. Akanitazama kama mtu aliyechoka kuelezwa.

"Wewe jioni unarudi Nyegezi. Mimi narudi pale pale. Nikiugua nani atanibeba? Nikifa nani atanizika?"

Nilijua sheria kuliko yeye, na haikunisaidia kitu.

Muda wa rufaa ukapita. Niliwahi kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuuliza kama dada angeweza kupewa hati ya kimila kwa kipande alicholima. Akanijibu kwa upole kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumpa mtu hati ya shamba lililogawiwa mwingine kwenye mirathi.

Msimu uliofuata kaka alikodisha majaruba ya bondeni, yale yanayoshika maji. Dada akaachiwa ya juu, yenye mchanga. Kwa maneno ya hakimu, bado anatumia ardhi ya ukoo.

Nilimpigia simu mvua zilipochelewa, nikamuuliza mpunga ukoje.

"Umeanza kuwa wa njano," akasema, kisha akaniuliza habari za watoto.